Makosa ya kumbukumbu ya DDR yanayochagua anwani: kutafuta chanzo kwenye kingo mbili za saa

Bodi inawaka vizuri, mfumo unapanda, kila kitu kinakwenda kwa nusu saa hivi, kisha programu zinaanza kufa moja baada ya nyingine bila mpangilio. Ukiendesha jaribio la kumbukumbu unapata makosa machache, na ukirudia yanatokea mahali pengine. Wengi wakifika hapo huing'oa chipu ya kumbukumbu na kulehemu nyingine, na mara nyingi chipu mpya inatoa makosa ya aina ileile.

Kabla ya kuwasha mashine ya hewa moto, tazama anwani za makosa yenyewe. Kumbukumbu ya DDR hupitisha data kwenye kingo zote mbili za saa, ukingo unaopanda na ukingo unaoshuka, na kila ukingo una namna yake ya kukosea. Ukijua anwani ipi ilipita kwenye ukingo upi, orodha ya makosa inakuambia mengi kuliko osiloskopu. Mwongozo huu unahusu DDR3 iliyolehemiwa kwenye bodi, kwa kuwa ndiyo ambayo mtu anaweza kurekebisha ucheleweshaji wake kwa mkono. DDR4 inafuata mantiki hiyohiyo kwa nafasi finyu zaidi.

Kwa nini kingo mbili

Chukua kumbukumbu ya kizazi kilichotangulia DDR, ile ya PC133. Saa yake ni megahezi 133 na data hupita mara moja kwa kila mpigo, kwenye ukingo unaopanda tu. Ndani ya mpigo mmoja mstari wa saa hubadilika mara mbili, unapanda na kushuka. Mstari wa data hubadilika mara moja tu. Hata ukituma 1, 0, 1, 0 bila kukoma, wimbi linaloonekana kwenye mstari wa data ni la megahezi 66 hivi, nusu ya saa. Maana yake ni kwamba shaba, vipokezi na vitoa ishara vya bodi ile vilishathibitisha kwamba vinabeba megahezi 133, kwa sababu saa ilipita humo, lakini mistari ya data ilitumia nusu tu ya uwezo huo. Ukiongeza kasi kwa kupandisha saa, mstari wa kwanza kushindwa ni wa saa yenyewe, ilhali ya data bado ina nafasi.

Kiwango cha DDR kilichotolewa mwaka 2000 na JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu za kumbukumbu, kiliondoa upotevu huo. Data inabadilika kwenye kila ukingo, kwa hiyo mstari wa data na mstari wa saa vinabeba wimbi la masafa yaleyale. Saa ya megahezi 133 sasa inapitisha biti milioni 266 kwa sekunde katika kila mstari.

Sababu ya pili iko ndani ya chipu. Safu za seli haziendi haraka kuliko zilivyokwenda zamani. Ndani ya DDR-400, DDR2-800 na DDR3-1600, safu inafanya kazi kwa mwendo uleule wa megahezi 200. Kilichoongezeka ni idadi ya biti zinazochotwa kwa mkupuo kwa kila mstari wa data: 2 katika DDR, 4 katika DDR2, 8 katika DDR3. Biti hizo 8 hutolewa nje moja baada ya nyingine, nne kwenye kingo zinazopanda na nne kwenye kingo zinazoshuka. Nitaziita zamu, kuanzia zamu 0 hadi zamu 7. Zamu shufwa, yaani 0, 2, 4 na 6, hupita kwenye ukingo unaopanda. Zamu witiri hupita kwenye ukingo unaoshuka. Shika hilo, maana utafutaji wote unaofuata umejengwa juu yake.

Anwani na amri hazikuguswa na mabadiliko haya. Katika DDR3 bado husomwa kwenye ukingo unaopanda tu, mara moja kwa mpigo, kwa hiyo tatizo la mistari ya anwani halitakupa alama ya shufwa na witiri.

Nafasi iliyobaki

DDR3-1600 ina saa ya megahezi 800. Mpigo mmoja ni nanosekunde 1.25, na kila zamu inapata nusu yake, pikosekunde 625. Ungedhani data iko tayari kusomwa muda wote huo, lakini sivyo.

Data husafiri na ishara yake ya kuongoza, DQS, moja kwa kila kundi la mistari minane. Ni kama shehena na hati yake ya safari ndani ya lori moja: lori likichelewa, vyote vinachelewa pamoja, na anayepokea hahitaji kuuliza lilitoka saa ngapi. Wakati wa kusoma, chipu hubadilisha data na DQS kwa wakati mmoja, ukingo kwa ukingo. Kidhibiti cha kumbukumbu, kilicho ndani ya prosesa, ndicho chenye kazi ya kuichelewesha DQS kwa robo ya mpigo, ili ukingo wake uangukie katikati ya data iliyotulia. Wakati wa kuandika, kidhibiti hutuma DQS ikiwa tayari katikati ya data, kwa hiyo chipu haicheleweshi chochote. Ukiwa na osiloskopu, hiyo ndiyo njia ya kujua unatazama usomaji au uandishi.

Kiwango kinairuhusu chipu ya DDR3-1600 ichelewe hadi pikosekunde 100 baada ya ukingo wa DQS kabla mstari wa mwisho wa kundi haujatulia. Upande wa pili, chipu inaahidi kushikilia data kwa asilimia 38 tu ya mpigo tangu ukingo ule, yaani pikosekunde 475. Toa 100 kwenye 475. Dirisha halisi, pale kwenye pini ya chipu, ni pikosekunde 375 kati ya 625, na bado hujaanza kuhesabu bodi. Njia ya shaba ndani ya bodi ya kawaida hula karibu pikosekunde 7 kwa kila milimita. Njia ya DQS ikipishana na njia za data zake kwa milimita 10, pikosekunde 70 zimekwenda.

Ahadi ile ya asilimia 38 inatoka kwenye kingo mbili. Chipu ya ukingo mmoja ilihitaji tu umbali kati ya ukingo mmoja unaopanda na unaofuata, na umbali huo hutoka kwenye kristali, ni imara sana. Chipu ya kingo mbili inategemea mahali ukingo unaoshuka unapoangukia katikati ya mpigo, na hapo hakuna kristali inayomlinda mtu. Kiwango kinaruhusu nusu ya juu ya saa iwe kati ya asilimia 47 na 53 ya mpigo. Kwa DDR3-1600 hiyo ni pikosekunde 37.5 zinazoweza kuondoka kwenye nusu moja na kuhamia nyingine. Zamu za upande mmoja zinapata nafasi pana, za upande wa pili zinabanwa.

Dalili: makosa yanaangukia anwani witiri, katika kundi moja la baiti

Hii ndiyo dalili yenye mengi ya kufundisha, kwa hiyo nitaifuata hadi mwisho. Tuseme bodi ina njia ya data ya biti 32, chipu mbili za biti 16, na kidhibiti ambacho hatua moja ya ucheleweshaji wa DQS ni sehemu moja ya 256 ya mpigo. Kwa nanosekunde 1.25, hatua ni karibu pikosekunde 4.9. Robo ya mpigo ni hatua 64.

Endesha jaribio ukiwa ndani ya Linux:

```
memtester 256M 5
```

Baada ya bodi kupata moto, yanatokea haya:

```
FAILURE: 0x3c91e7a4 != 0x3c99e7a4 at offset 0x0064e024.
FAILURE: 0xd20f5b18 != 0xd24f5b18 at offset 0x0064e03c.
FAILURE: 0x71e8046d != 0x71ea046d at offset 0x00a77714.
```

Linganisha kwanza namba mbili za kila mstari. Katika mstari wa kwanza 91 imegeuka 99, wa pili 0f imegeuka 4f, wa tatu e8 imegeuka ea. Biti inayokosea si ileile, lakini kila mara iko kwenye baiti ya pili kutoka kushoto, biti 16 hadi 23. Hilo ni kundi la baiti namba 2, lenye DQS yake. Kama ingekuwa biti moja ileile daima, ningeshuku mstari mmoja wa data au lehemu yake. Biti tofauti za kundi moja zinaelekeza kwenye kitu kinachotumiwa na kundi zima, na kitu hicho ni DQS.

Sasa tazama anwani. Njia ni ya biti 32, kwa hiyo zamu moja ni baiti 4, na biti namba 2 ya anwani ndiyo inayosema zamu ni shufwa au witiri. Njia ikiwa ya biti 64 ungetazama biti namba 3, ikiwa ya 16 biti namba 1. Anwani zinaishia na 24, 3c na 14. Katika zote biti namba 2 ni moja. Zote ni witiri, zote zilipita kwenye ukingo unaoshuka. Usijali kwamba anwani hizi si za kwenye chipu yenyewe. Linux hupanga kurasa za baiti 4096, na biti 12 za chini hazibadiliki kutoka anwani ya programu hadi anwani ya kweli.

Kuna tahadhari mbili kabla ya kuamini hesabu hiyo. Ya kwanza ni kache. Chipu ya DDR3 inaweza kuanza kusoma kutoka neno lolote, yaani data ya zamu moja, ndani ya mkupuo wa nane, na kidhibiti kikiomba neno la 1 kwanza, neno hilo litatoka kwenye zamu 0, na hapo witiri imekuwa shufwa. Ukisoma kumbukumbu kwa mfululizo huku kache ikiwa imewashwa, kila mstari wa kache huombwa kuanzia neno lake la kwanza, na mpangilio unabaki salama. Ukizima kache na kusoma neno mojamoja, kwa baadhi ya vidhibiti alama ya shufwa na witiri itafutika yote, na utadhani tatizo limebadilika.

Ya pili ni aina ya data unayoandika. Kosa la majira hutokea pale zamu moja inaposomwa mapema au kwa kuchelewa, na kidhibiti kikachukua biti ya zamu jirani au biti iliyo katikati ya kubadilika. Zamu jirani ikiwa na biti ileile, kosa halionekani. Ndiyo maana jaribio la kuhesabu, linaloandika 0, 1, 2, 3 na kuendelea, kama lile jepesi la `mtest` katika programu ya kuwashia ya U-Boot, halifai kwa kazi hii: baiti ya chini inabadilika kila zamu, lakini baiti ya juu inakaa vilevile kwa maneno mengi mfululizo. Bodi yenye kundi bovu la baiti ya juu inaweza kupita jaribio hilo usiku kucha. Tumia namba za nasibu au ruwaza inayogeuza biti zote kila zamu.

Hatua inayofuata ni kufagia ucheleweshaji. Unaweka thamani moja ya ucheleweshaji wa kusoma kwa kundi moja, unaendesha jaribio fupi, unaandika limepita au limeanguka, unasogeza hatua mbili, unarudia. Fanya hivyo ndani ya programu ya kuwashia inayokimbia kwenye kumbukumbu ya ndani ya prosesa, si kwenye DDR unayoipima, la sivyo bodi itakufa kila ukifika ukingoni. Na hapa ndipo miongozo mingi ya watengenezaji inapomwacha mtu njiani: hesabu makosa ya zamu shufwa na ya zamu witiri kando kando.

Tuseme matokeo ni haya. Makundi 0, 1 na 3 yanapita kwa zamu shufwa kuanzia hatua 26 hadi 84, na kwa zamu witiri kuanzia 34 hadi 92. Kundi 2 linapita kwa shufwa kuanzia 35 hadi 93, na kwa witiri kuanzia 43 hadi 101.

Humo mna mambo mawili tofauti yaliyolaliana. Kwanza, katika makundi yote dirisha la witiri liko hatua 8 mbele ya lile la shufwa, karibu pikosekunde 39. Hilo ni la makundi yote, kwa hiyo halitoki kwenye njia ya shaba ya kundi fulani. Mnyororo wa ucheleweshaji ndani ya kidhibiti unapitisha ukingo unaoshuka haraka kidogo kuliko unaopanda, kwa hiyo ukingo unaoshuka unafika mapema na unahitaji kucheleweshwa zaidi. Baadhi ya vidhibiti vina rejista ya kusawazisha nusu mbili za DQS, na kama chako kinayo, hapa ndipo pa kuitumia. Kama hakina, utaishi na dirisha la pamoja, lile linalofaa shufwa na witiri kwa wakati mmoja: hatua 34 hadi 84 badala ya upana kamili. Umepoteza hatua 8 kwa sababu tu data inapita kwenye kingo mbili zisizolingana.

Pili, madirisha ya kundi 2 yote yamesogea mbele hatua 9, kama pikosekunde 44. Hilo ni la kundi moja, na shufwa na witiri vimesogea sawasawa, kwa hiyo linatoka kwenye urefu wa njia. DQS ya kundi 2 ni fupi kuliko njia za data zake kwa milimita 6 hivi, inafika mapema. Fungua mchoro wa bodi upime, na usisahau urefu ulio ndani ya kasha la prosesa, ambao mtengenezaji huutoa kwenye jedwali lake.

Sasa tazama thamani iliyokuwa inatumika. Faili la mipangilio lilinakiliwa kutoka bodi ya mfano, na makundi yote manne yaliwekwa hatua 48. Kwa kundi 0, mpaka wa chini wa dirisha la pamoja ni 34, kwa hiyo kuna nafasi ya hatua 14, karibu pikosekunde 68. Kwa kundi 2 zamu shufwa zina nafasi ya hatua 13, lakini zamu witiri, zinazoanza kupita kwenye 43, zina hatua 5 tu, chini ya pikosekunde 25. Bodi ikiwa baridi inatosha. Ikipata moto madirisha yanasogea kidogo, na wa kwanza kuanguka ni kundi 2, zamu witiri. Ndicho hasa `memtester` ilichoandika.

Dirisha la pamoja la kundi 2 ni 43 hadi 93, kwa hiyo kati yake ni 68. Ya makundi mengine ni 59. Ukiweka thamani hizo, kila kundi linabaki na hatua 25 kila upande, kama pikosekunde 122. Chipu ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Dalili: unaposoma tena neno lilelile linarudi sahihi, au linarudi kosa lilelile

Utafutaji wa hapo juu ulichukulia kwamba kosa liko kwenye kusoma. Kulithibitisha ni rahisi. Ukikuta neno baya, futa mstari wake wa kache na usome tena mara nyingi. Likibadilikabadilika, data ndani ya chipu ni nzima na usomaji ndio mbovu. Likirudi kosa lilelile kila mara, lilishaandikwa vibaya, na kufagia ucheleweshaji wa kusoma kutakupotezea siku.

Uandishi una shida yake. Chipu inapokea saa kwa njia moja na DQS kwa njia nyingine, na kiwango kinataka ukingo unaopanda wa DQS uangukie karibu na ukingo wa saa, ndani ya asilimia 27 ya mpigo kila upande kwa DDR3-1600, yaani pikosekunde 337 hivi. Katika DDR3 saa na anwani hupita chipu ya kwanza, kisha ya pili, hadi ya mwisho, wakati DQS ya kila kundi huenda moja kwa moja kwenye chipu yake. Kwenye moduli ndefu ya kompyuta, saa inayofika chipu ya mwisho imechelewa zaidi ya nusu mpigo kuliko ilipopita ya kwanza. Ndiyo sababu DDR3 ina hatua ya kulinganisha uandishi: chipu inapima saa kwa kutumia ukingo wa DQS na kurudisha jibu la 0 au 1 kwenye mistari ya data, na kidhibiti kinasogeza DQS hadi jibu ligeuke.

Hatua hiyo ina mpaka ambao ni muhimu kuujua. Inaona ukingo, haioni ni ukingo wa mpigo upi. Kwa hiyo inaweza kulinganisha kundi moja kikamilifu na mpigo usio wake. Dalili yake haifanani na kosa la pikosekunde: baiti yote ya kundi hilo imehama zamu mbili, ya neno la 2 imekaa kwenye neno la 0. Ukiona data sahihi mahali pasipo pake, na umbali ni zamu mbili kamili, acha kugusa ucheleweshaji mdogo na utafute rejista inayoongeza au kupunguza mpigo mzima kwa kundi lile.

Dalili: bodi inaganda ghafla, na baada ya hapo kila usomaji ni mbovu

Mistari ya DQS hutumiwa pande zote mbili, na kati ya kazi moja na nyingine hakuna anayeiendesha. Inaelea. Kidhibiti lazima kifungue lango la kuipokea baada ya chipu kuanza kuishikilia na kabla ya ukingo wa kwanza, na nafasi hiyo ya utangulizi ni karibu mpigo mmoja tu. Lango likifunguka mapema, kelele kwenye mstari unaoelea inahesabiwa kama ukingo. Likichelewa, ukingo wa kwanza unapotea. Katika hali zote mbili hesabu ya kingo inateleza, shufwa inakaa mahali pa witiri, na katika vidhibiti vingi haijirekebishi hadi uwashe upya. Hakuna kosa moja moja hapa: kila kitu kinaharibika kwa pamoja.

Chipu inaruhusiwa kuanza DQS mapema au kwa kuchelewa kwa pikosekunde 225 kulinganisha na saa inayopokea, na sehemu hiyo huhama kadiri joto linavyobadilika. Kwa hiyo weka lango katikati ya utangulizi, na upime bodi ikiwa baridi kabisa asubuhi na ikiwa moto.

Dalili zinazofanana lakini si za kingo

Makosa yakiwa daima 1 inayogeuka 0, au daima kinyume chake, bila kujali shufwa na witiri, pima volteji ya marejeo. Kwa DDR3 ya volti 1.5 lazima iwe 0.75, kati ya asilimia 49 na 51 ya volteji ya chipu. Kapasita iliyokatika karibu na pini hiyo inatosha kuleta balaa.

Anwani ikiwa ileile kila mara, baridi au moto, hapo kweli seli imekufa. Badilisha chipu.

Watu hupenda kupunguza kasi ili kuthibitisha kwamba ni majira. Ni kipimo kizuri, lakini kina sakafu. DDR3 katika hali yake ya kawaida hairuhusiwi mpigo kufika nanosekunde 3.3, yaani usishuke chini ya megahezi 303. Chini ya hapo kifaa cha ndani ya chipu kinachofunga DQS kwenye saa hakina dhamana, na utapata makosa mapya ambayo bodi haikuwa nayo. Ukishusha kutoka 800 hadi 400, kumbuka pia kwamba robo ya mpigo imeongezeka maradufu. Ucheleweshaji uliowekwa kwa sehemu za mpigo unafuata wenyewe, uliowekwa kwa pikosekunde haufuati.

Lililobaki ni joto. Makosa yanayokuja bodi ikipata moto yanaweza kuwa ya dirisha lililosogea, au ya seli zinazosahau. Seli za DDR3 huhitaji kuhuishwa zote kila milisekunde 64, na kila 32 kasha likipita nyuzi 85. Tofautisha kwa muda: andika eneo, lisome papo hapo, kisha liache sekunde kadhaa bila kuligusa na ulisome tena. Makosa yakionekana kwenye usomaji wa papo hapo, rudi kwenye kufagia, na safari hii fagia bodi ikiwa moto, linganisha na matokeo ya baridi, na uchukue kati ya sehemu iliyopita mara zote mbili. Yakionekana baada ya kungoja tu, kingo za saa hazihusiki. Tazama rejista ya muda wa kuhuisha.